Swali la lugha: kumtambulisha au kuwatambulisha?

SWALI: Ninamaliza muda wangu wa uenyekiti wa bodi ya chama chetu cha akiba na mikopo jijini Nairobi. Katika dhifa ya mwaka nitasema: "Ningependa kuwatambulisha mwenyekiti wenu mpya, mliyemchagua." Katibu anadai sentensi hiyo ina kasoro. Je, anasema kweli? Na ni sawa nimwite "mwenyekiti mteule"?

JIBU: Katibu wako ana haki. Kiambishi "-wa-" kinawarejelea watu wengi, na katika kitenzi "kutambulisha" yule anayerejelewa na kiambishi hicho ndiye anayejulishwa kwa wengine. Kwa hiyo ulivyoandika, wanaotambulishwa ni wanachama walioketi mezani, naye mwenyekiti anaachwa akining'inia mwishoni mwa sentensi bila kazi. Kosa hili husikika sana katika hafla za mjini, na hadhira husamehe kwa kuwa inaelewa kilichokusudiwa, lakini hotuba iliyoandikwa mapema haina udhuru huo.

Njia ya kwanza ya kuisahihisha ni kumfanya mwenyekiti awe mtendwa: "Ningependa kumtambulisha kwenu mwenyekiti mpya wa bodi." Ya pili ni kutumia kauli ya kutendea, ambapo "-wa-" inawarejelea kihalali wale wanaotambulishiwa: "Ningependa kuwatambulishia mwenyekiti mpya." Hapo huwezi kuongeza "-m-" ya mwenyekiti, kwa maana kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi kimoja tu cha mtendwa, na katika kauli hiyo nafasi hupewa mtendewa. Kwa kuwa "-wa-" huweza kumaanisha ninyi au wao, wasemaji wengi huongeza "-ni" mwishoni, "kuwatambulishieni", ili wasikilizaji wajue kwamba ni wao wanaoambiwa. Mimi ningechagua njia ya kwanza, kwa sababu jina linaweza kukaa mwisho kabisa, mahali ambapo makofi huanzia: "Wanachama wenzangu, ninamtambulisha kwenu mwenyekiti mpya wa bodi yetu, Bi. Fulani."

Neno "mliyemchagua" ni sahihi kisarufi, ila lichunguze kwa upande wa ukweli. Ikiwa katika chama chenu wanachama au wajumbe huwachagua wanabodi, kisha wanabodi hao wakamchagua mwenyekiti miongoni mwao, basi walio mbele yako hawakumchagua kwa cheo hicho, na "aliyechaguliwa na bodi" ndiyo kauli ya haki.

Kuhusu "mteule", matumizi ya Kenya yameshaliweka neno hilo mahali pake: rais mteule ni yule aliyeshinda uchaguzi lakini hajaapishwa. Kwa kipimo hicho, mrithi wako ni mteule iwapo atashika madaraka baada ya dhifa. Iwapo mmeshakabidhiana ofisi, mwite "mwenyekiti mpya", nawe ujiite "mwenyekiti aliyeondoka", kwa sababu "anayeondoka" humfaa ambaye bado yumo kitini.