Gata Ikifurika, Angalia Kwanza Mahali pa Bomba

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Lamu aliniandikia kwamba gata ya nyumba yake inafurika kila mvua kubwa inaponyesha, na kwamba fundi amemshauri aiongezee mteremko. Ujumbe huo ulinichoma moyo, kwa sababu ushauri huohuo nilipewa mimi hapa Malindi, nikaufuata, na mwezi wa Mei maji yakaendelea kumwagika ukingoni hadi lipu ya ukuta wa mbele ikabanduka.

Paa langu la mabati lina pande mbili. Kila upande una urefu wa mita 12 na upana wa mita 5, ukipimwa chini kwenye ardhi inayofunikwa, yaani mita za mraba 60. Fundi alifunga gata ya nusu duara ya milimita 100, na bomba moja la kushushia maji kwenye kona. Hakuna aliyepiga hesabu, nami sikuidai. Jambo hilo bado linaniuma.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Gata hukadiriwa kwa dakika zile chache ambazo mvua hupiga kwa nguvu zote, wala si kwa mvua ya mwaka mzima. Mimi nilichukua milimita 150 kwa saa. Kwa kiwango hicho kila mita ya mraba hutoa lita 2.5 kwa dakika, na upande wangu mmoja lita 150. Gata ya milimita 100 iliyolazwa sawa hubeba takriban lita 47 tu. Mteremko haungeweza kuziba pengo hilo, na ukizidi, mwisho wa gata hushuka mbali na mabati, maji yakairuka.

Kilichoniokoa ni mahali pa mabomba. Bomba likiwa konani, maji yote hupita njia moja. Likiwa katikati, kila mkono wa gata hubeba lita 75. Niliweka mabomba mawili, kila moja mita 3 kutoka mwisho wake, na sasa kila mkono hubeba lita 37.5. Hata gata ya zamani ingetosha, ila nilifunga ya milimita 125, inayobeba takriban lita 82, kwa sababu majani ya mwarobaini hula nafasi. Mabomba ni ya inchi 4, kwa kuwa mdomo mwembamba huyazuia maji hata gata ikiwa pana.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Lamu, usinunue kitu kabla hujasimama nje mvua ikinyesha. Maji yakimwagika mbali na bomba huku karibu na mdomo yameshuka, gata ni ndogo kwa mzigo wa mkono ule. Yakijaa mpaka mdomoni, basi mdomo au bomba ndilo lililobana au kuziba.