Kalvati yetu haikuingia kwa bajeti

"Mwezi wa nne nilienda kikao cha bajeti ya kaunti nikaomba kalvati, wakaandika, lakini bajeti ilipotoka haimo. Nilikosea wapi?"

Pole sana dadangu, ulichelewa tu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini miradi inachaguliwa mapema kwa Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, na sheria inataka mpango ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, yaani miezi kumi kabla. Kikao cha Aprili huwa zaidi ni cha kugawia pesa miradi iliyo kwa mpango tayari.

Sisi tulipigwa hivyo miaka miwili, wa tatu tukaenda kwa msimamizi wa wadi mwezi wa saba na barua yenye jina la barabara, mahali maji hukatiza, nyumba ngapi hukwama na sahihi zetu, na nakala yetu tukahakikisha imegongwa muhuri. Halafu makadirio yakishafika bunge, hiyo ni kufikia Aprili 30, tafuta miradi ya wadi yenu, ukikuta "ukarabati wa barabara" bila jina la mahali andikia kamati ya bajeti mara moja, maana hizo pesa zinaweza kupelekwa kwingine na hutakuwa na la kuwaonyesha.