Sikukuu za Jumatatu na nusu yangu ya kazi

Nilipoomba kupunguza kazi, nilipewa nafasi ya kugawana na mwenzangu. Mimi nilishika Jumatatu, Jumanne na Jumatano asubuhi. Yeye alinipokea Jumatano mchana akaendelea hadi Ijumaa jioni. Saa 20 zangu, saa 20 zake, nafasi moja ya saa 40. Nilikuwa nimeshaandaa mishahara ya watu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo niliona hesabu ni nyepesi: gawa kila kitu kwa mbili. Mwaka ulipokwisha, mwenzangu alikuwa amepunjwa siku nne nzima za mapumziko akilinganishwa na mimi, na hakuna kati yetu aliyekuwa amefanya kosa.

Chanzo kilikuwa sikukuu. Mkataba wa mtu wa muda wote ulitoa siku 25 za likizo ya mwaka, na juu yake sikukuu 10 za kitaifa zenye malipo. Likizo tuligawana vizuri, saa 100 kila mmoja. Sikukuu ziliachwa ziangukie zinapoangukia: kama ni siku yako, unabaki nyumbani na mshahara unaingia. Mwaka ule, 6 ziliangukia Jumatatu na 1 Jumanne. Zote saba zilikuwa zangu, yaani saa 56 za mapumziko ya kulipwa. Mwenzangu aliambulia moja ya Alhamisi na mbili za Ijumaa, saa 24. Kila mmoja alistahili saa 40. Mimi nilizidishiwa 16, yeye akapungukiwa 16, na tofauti kati yetu ikawa saa 32.

Dawa yake ni kuweka likizo na sikukuu kwenye kapu moja, kisha kuhesabu kwa saa badala ya siku. Siku 25 na siku 10 ni siku 35; mara saa 8 unapata saa 280. Nusu yake ni 140 kwa kila mmoja. Sikukuu ikiangukia siku yako ya kazi, saa zake zinakatwa kwenye kapu lako. Mimi ningebaki na 140 toa 56, saa 84 za kupanga nitakavyo. Mwenzangu angebaki na 140 toa 24, saa 116. Jumlisha 84 na 116 upate 200, ambazo ndizo zile siku 25 za mtu wa muda wote. Jumla hiyo ikigoma, mahali fulani kuna saa zimehesabiwa mara mbili au zimesahauliwa.

Anayeshika Jumatatu huwa analalamika mwanzoni, na ninamwelewa, kwa sababu anaona mwenzake ana saa nyingi za kuchagua kuliko yeye. Mwonyeshe kalenda ya mwaka mzima kabla hamjaanza, aone kwamba saa zake ameshazipata kama sikukuu. Saa pia zinatatua ile Jumatano ya nusu: ukiomba mapumziko siku hiyo unakatwa saa 4. Anayehesabu kwa siku atakukata siku nzima.

Kwenye mshahara wenyewe, kosa nililokutana nalo mara nyingi liko kwenye namba inayogawanya. Kanuni ni saa zako gawanya kwa saa za mtu wa muda wote, mara mshahara wake kamili. Tuseme mshahara kamili ni 1,000,000 kwa mwezi. Kwa saa 20 kati ya 40, unapata 500,000. Lakini mtu wa muda wote anaweza kukaa kazini saa 45 kwa wiki, maana anapumzika saa moja ya chakula kila siku, na saa hiyo hailipwi. Mwandaaji wa mishahara akichukua saa 20 zako, ambazo hazina chakula ndani, akazigawa kwa 45 ambazo zina chakula, unapata 444,444. Umepoteza 55,556 kila mwezi, na slipu haitakuonyesha lolote. Soma mkataba wa muda wote wa nafasi ileile, uone saa zinazolipwa ni ngapi, halafu ugawe mwenyewe. Mkataba Namba 175 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1994, unataka mshahara wa msingi wa mtu wa muda pungufu, ukipimwa kwa uwiano, usiwe chini ya ule wa mwenzake wa muda wote. Kugawa kwa 45 kunakiuka jambo hilohilo.

Mafao mengine hayafuati nusu kwa nusu, na hapa ndipo watu hupunguziwa mara mbili. Mchango wa pensheni ukiwa asilimia 10 ya mshahara, asilimia 10 ya 500,000 ni 50,000. Mshahara umeshapunguzwa, kwa hiyo mchango umeshapungua wenyewe. Nimeona slipu yenye 25,000 kwa sababu mtu aliipiga nusu tena. Likizo nayo ina mtego wa namna hiyo. Anayefanya kazi siku 3 kwa wiki, mahali ambapo likizo ni wiki 5, anastahili siku 15, ambazo ndizo wiki 5 zake. Ukichukua hizo 15 na kuzipiga tena kwa 0.6 utampa siku 9, yaani wiki 3 tu.

Posho ya usafiri ifuate safari. Mimi nilikuja kazini siku tatu, moja ikiwa ya nusu siku, na nauli ya Jumatano ilikuwa ileile. Kwa haki nilistahili tatu ya tano ya posho, na mwenzangu vilevile, kwa kuwa Jumatano sote wawili tulisafiri. Bima ya afya haigawanyiki, kwani hakuna nusu ya matibabu. Uliza kama mwajiri analipa ada yote au analipa nusu na kukukata iliyobaki, na jibu hilo lipate kwa maandishi kabla hujatia saini.

Miaka ya utumishi ndiyo nawasihi muilinde zaidi. Mwaka wa nusu kazi ni mwaka kamili wa utumishi. Chukua mtu aliyefanya miaka 8 ya muda wote na 2 ya nusu, mahali ambapo kiinua mgongo ni mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Nane mara 1,000,000 na mbili mara 500,000 ni 9,000,000. Mkataba unaosema tu "mshahara wa mwisho" utampa kumi mara 500,000, yaani 5,000,000. Kabla ya kupunguza saa, omba barua inayosema kila kipindi kitahesabiwa kwa mshahara wa kipindi hicho. Mimi niliomba baada ya miezi saba na ikanichukua muda mrefu kuipata.

Mwaka wetu wa pili tulianza na kapu la saa. Mwenzangu aliondoka mwishoni mwa Juni, na hesabu yake ilimalizika kwa dakika chache. Nusu mwaka ilimpa saa 70. Sikukuu moja ilikuwa imeangukia siku yake, saa 8, na likizo alikuwa amechukua saa 54. Zilibaki saa 8. Thamani ya saa ni ileile ya mtu wa muda wote: 1,000,000 mara 12, gawa kwa wiki 52, gawa kwa saa 40, takriban 5,769. Alilipwa 46,154 juu ya mshahara wake wa mwisho. Aliyechukua nafasi yake alianza Julai na saa 70 zake, na tukamwonyesha kalenda siku ileile.