Jibu: vijineno vya Kijapani wa, ga na wo katika sentensi yenye vitenzi viwili

"Zoezi ni: Watashi ( ) haha ( ) tsukutta keeki ( ) tabemashita. Kwa nini 'haha wa' imekosolewa ilhali mama ndiye mtendaji?"

Ndugu, anzia mwisho wa sentensi, kwa kuwa kitenzi cha Kijapani ndicho kinachogawa kazi. Tabemashita, yaani "nilikula", kinadai kitu kilicholiwa, nacho ni keeki. Kwa hiyo pengo la tatu ni wo, ambayo hutamkwa "o". Tsukutta, kwa upande wake, kimekaa mara tu kabla ya nomino keeki, na hapo kinaeleza tu ni keki ipi: ile aliyoitengeneza mama. Mtendaji aliye ndani ya kishazi kama hicho huchukua ga, kwa sababu wa hutangaza mada, na kwa kawaida mada huruka kishazi chote hadi kufikia kitenzi cha mwisho.

Jaribu mwenyewe: "Haha ga tsukutta keeki wo tabemashita" husomeka kuwa mama alitengeneza, nami nikala, lakini "Haha wa tsukutta keeki wo tabemashita" humfanya mama awe ndiye aliyekula. Katika zoezi lako mada ni watashi, yaani "mimi", ndiye aliyekula. Basi jibu kamili ni wa, ga, wo.

Wa ya kulinganisha huweza kuingia ndani ya kishazi, ila mazoezi ya wanaoanza hayaigusi. Mtego ulio karibu zaidi ni wakarimasu, yaani "ninaelewa", na suki desu, yaani "ninapenda", ambavyo huchukua ga: "ninaelewa Kijapani" husemwa "Nihongo ga wakarimasu", hata kama Kiswahili chetu kinakiona Kijapani hapo kuwa yambwa.