Ketamini na kibofu: kwa mnaoanza kliniki ya mkojo

Wenzangu mnaoanza kazi kliniki za mkojo hapa Uingereza, hasa mliotoka hospitali za wilaya nyumbani, ketamini mnaijua kama dawa ya chumba cha upasuaji. Unampa mgonjwa miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito kwenye mshipa, na baada ya dakika moja hivi hayupo nanyi tena. Macho yako wazi, yanachezacheza. Kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe, na presha hupanda badala ya kushuka, ila kisu hakisikii. Ndiyo sababu hospitali isiyo na mashine ya usingizi inaitegemea sana.

Dawa hii huziba vipokezi vya NMDA kwenye ubongo, na fahamu za mtu zikaachana na mwili wake. Wakizinduka, wengine husimulia kwamba walikuwa wanaelea, au walijiona wenyewe wakiwa juu darini. Wengine huamka wakipiga kelele kwa hofu. Kwa kiasi kidogo, hali hiyohiyo ya kujitenga na mwili ndiyo vijana wa huku wanayoitafuta wanapovuta unga wake puani. Mwili huizoea haraka, hivyo anayetumia kila siku huongeza kiasi mwezi hadi mwezi.

Hapo ndipo kibofu kinapoingia. Ini huivunja ketamini kuwa norketamini na mabaki mengine, kisha figo huyatoa kwa sehemu kubwa kwenye mkojo, na mkojo hukaa kibofuni kwa saa kadhaa. Ngozi ya ndani ya kibofu kazi yake ni kuzuia mkojo usipenye ukutani. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba dawa na mabaki yake huijeruhi ngozi hiyo kwa kuigusa moja kwa moja. Ikishachubuka, mkojo hupenya, ukuta huvimba na kuvuja damu, na jeraha lisilopewa nafasi ya kupona hugeuka kovu. Kibofu chenye kovu hakitanuki. Mgonjwa aliyepewa dozi moja ya upasuaji hafikii huko, kwa sababu dawa hupita mara moja ikaisha. Madaktari wa Toronto ndio walioripoti kundi la kwanza la wagonjwa wa aina hii mwaka 2007, na muda mfupi baadaye zikafuata ripoti za Hong Kong.

Chukueni mgonjwa wa aina tunayoiona mara kwa mara. Kijana wa miaka 23, ametumia antibayotiki mara tatu kwa "yutiai" isiyopona. Kijiti cha mkojo kinaonyesha damu na chembe nyeupe, nitriti hakuna, na mkojo ukioteshwa hakioti kitu. Mpeni chupa ya kupimia na daftari, aandike kila anapokojoa kwa siku nzima. Anarudi na mikojo 30, kila mmoja kama mililita 50. Jumlisheni: mililita 1,500, yaani mkojo wa siku wa mtu yeyote. Kwa hiyo hatengenezi mkojo mwingi kama mwenye kisukari. Chombo ndicho kimekuwa kidogo, wakati cha mtu mzima hubeba 400 au zaidi. Ultrasaundi baada ya kukojoa haioni mkojo uliobaki, bali ukuta mnene. Msiishie hapo, pandeni mpaka kwenye figo. Zikiwa zimetanuka, mkojo unashindwa kushuka au unarudi juu, na kreatinini ipimwe siku hiyohiyo. Kama kijana amewahi kuogelea ziwani nyumbani, kichocho nacho kitafutwe, maana nacho hutoa damu na kukaza kibofu.

Swali la ketamini liulizwe waziwazi, faraghani, mzazi akiwa nje ya chumba. Mimi huuliza, "Kibofu kikiuma sana, unatuliza kwa nini?" Wengi hujibu hapo hapo. Ketamini ni dawa kali ya maumivu, kwa hiyo inayochoma kibofu ndiyo hiyo hiyo inayomtuliza, na siku ya kwanza bila hiyo maumivu hupanda. Kumwambia aache na kumrudisha nyumbani mikono mitupu ni kumrudisha kwenye unga. Mpango wa maumivu uandaliwe kabla hajatoka mlangoni, pamoja na miadi ya huduma ya uraibu. Ibuprofeni na diklofenaki zisubiri majibu ya figo.

Akiacha mapema, wengi hupata nafuu ya wazi, na daftari la mkojo ndilo litakaloonyesha: 50 inakuwa 120, halafu 200. Namba zikigoma miezi mingi baada ya kuacha, kovu limeshashika, na kinachobaki ni daktari wa upasuaji kukipanua kibofu kwa kipande cha utumbo. Upasuaji huo haufanywi kwa anayeendelea kutumia, kwa sababu mkojo wenye dawa utaendelea kuziunguza sehemu zilizobaki, na figo zitafuata.