Mashine ya barafu ya kulipia kwa awamu: riba na uchakavu vinaingiaje vitabuni?

"Asalaam aleikum. Tuko Wete, tumechukua mashine ya barafu ya kuwauzia wavuvi kwa malipo ya awamu. Bei taslimu sh. 21,850,000. Kianzio tumelipa 6,000,000, zilizobaki ni awamu nne za 5,000,000, moja kila baada ya miezi sita. Mkataba umeanza 1 Aprili 2024 na mashine ikawashwa siku hiyohiyo. Kuileta kwa boti na kuifunga tumetoa 1,150,000 mfukoni. Je, mashine niiandike 26,000,000? Na uchakavu niupige kwa miaka miwili ya mkataba? Hesabu zetu tunafunga 31 Disemba."

Waaleikum salaam. Hapana kwa yote mawili, na sababu yake ni moja: mumefanya mambo mawili kwa mkataba mmoja. Mumenunua mashine, na mumekopa fedha za kuinunulia. Mashine ina hesabu yake na mkopo una hesabu yake. Zikichanganywa, riba inajificha ndani ya bei ya mashine, kisha mnaitoa kidogokidogo kwa jina la uchakavu kwa miaka mingi baada ya deni kwisha.

Anza na mashine. Gharama yake ni bei taslimu pamoja na kila kilichohitajika kuifikisha Wete na kuifanya itoe barafu, yaani 21,850,000 na 1,150,000, jumla 23,000,000. Siku ya 1 Aprili debiti Mashine 23,000,000. Krediti Benki 7,150,000 (kianzio na usafiri), na krediti Deni la Awamu 15,850,000. Angalia kwamba deni si 20,000,000. Ile 4,150,000 iliyozidi ni riba ya siku ambazo bado hazijafika, na riba haidaiwi kabla ya muda wake kupita. Hati ya umiliki kubaki kwa muuzaji hadi awamu ya mwisho hakubadilishi kitu hapa, kwa sababu mashine iko kwenu, mnaitumia nyinyi, na ikiharibika hasara ni yenu.

Sasa riba. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuigawa 4,150,000 kwa nne na kuandika 1,037,500 kila awamu. Huo si ukweli wa deni. Miezi sita ya mwanzo mnadaiwa karibu milioni 16, miezi sita ya mwisho mnadaiwa chini ya milioni 5. Riba haiwezi kuwa sawa. Muuzaji naye akikwambia "asilimia 13 kwa mwaka", amechukua 4,150,000 akaigawa kwa deni la mwanzo na kwa miaka miwili, kana kwamba hamkupunguza hata shilingi. Kiwango chenyewe mtakipata kwenye Excel:

```
=RATE(4,-5000000,15850000)
```

Itakuja asilimia 10 kasoro kidogo sana kwa kila miezi sita, yaani kama 20 kwa mwaka. Chukua 10, kisha shuka na deni awamu kwa awamu:

```
Tarehe       Riba        Kupunguza deni   Salio
30/09/2024   1,585,000   3,415,000        12,435,000
31/03/2025   1,243,500   3,756,500         8,678,500
30/09/2025     867,850   4,132,150         4,546,350
31/03/2026     453,650   4,546,350                 0
```

Riba ya mstari wa mwisho ingekuwa 454,635, lakini kwa kuwa tumeikata asilimia kwa namba kamili zinabaki sh. 985. Zipunguze hapo hapo ili salio lifike sifuri na jumla ya riba iwe 4,150,000 sawasawa. Kila mnapolipa: debiti Riba, debiti Deni la Awamu kwa sehemu yake, krediti Benki 5,000,000.

Sehemu inayosahaulika ni 31 Disemba. Siku hiyo hamulipi awamu yoyote, lakini miezi mitatu ya riba tayari imeshapita tangu 30 Septemba. Nusu ya 1,243,500 ni 621,750: debiti Riba, krediti Riba Inayodaiwa. Kwa hiyo riba ya mwaka 2024 ni 1,585,000 na 621,750, jumla 2,206,750. Mkilipa Machi 2025, ile 621,750 ya mwanzo inafuta Riba Inayodaiwa na 621,750 nyingine ndiyo riba ya mwaka mpya. Ukiiacha hatua hii, faida ya 2024 inaonekana kubwa kuliko ilivyo na mwaka unaofuata unabeba mzigo usio wake. Mkikata kwa namna hiyo hadi mwisho, 2025 itabeba 1,716,425 na 2026 itabeba 226,825.

Kama mkataba wenu ni wa murabaha, neno riba halimo na wala msiliandike. Iteni gharama ya ununuzi wa awamu. Kuitenga na bei taslimu na kuigawa kwa muda hakubadiliki.

Uchakavu haujui habari za awamu. Unaanza siku mashine iko tayari kufanya kazi na unafuata miaka itakayofanya kazi, maana awamu zikisha mashine ni yenu. Miaka miwili ingekuwa sahihi kama mngeirudisha. Mafundi watakwambia umri, lakini kisiwani tazama khasa hewa ya chumvi: inakula feni na mabomba ya kupozea, na kompresa inateseka umeme ukipanda na kushuka. Tuseme miaka 8, na mwisho wake itauzika 3,000,000. Hapo 23,000,000 toa 3,000,000 gawa kwa 8 ni 2,500,000 kwa mwaka. Kwa 2024 ni miezi tisa tu, 1,875,000: debiti Uchakavu, krediti Uchakavu Uliolimbikizwa. Kila mwisho wa mwaka itazameni tena hiyo miaka. Mkiona inakwenda kwisha kwa sita, thamani iliyobaki toeni kwanza bei mtakayoiuzia mwishoni, kisha igaweni kwa miaka iliyobaki, bila kurudi nyuma kubadilisha ya zamani. Uchakavu huu ni wa vitabu. Kwenye kodi ya mapato kuna viwango vyake vya sheria, fanyeni karatasi yake mbali.

Mkichelewa awamu, faini ni matumizi ya mwezi huo. Isiongezwe kwenye mashine hata kidogo.

Mizania ya 31 Disemba 2024 itaonyesha mashine 21,125,000. Upande wa madeni, riba inayodaiwa 621,750, deni la kulipwa ndani ya mwaka 7,888,650 (safu ya kupunguza deni kwa awamu mbili za 2025), na la baada ya mwaka 4,546,350. Jumla 13,056,750.

Halafu muuzaji atawaletea taarifa inayosema mnadaiwa 15,000,000, na hapo wengi hukimbilia kubadilisha vitabu. Msibadilishe. Yeye amehesabu awamu tatu nzima. Tofauti ni 1,943,250, nayo ni riba ambayo muda wake bado: 621,750 ya miezi mitatu hadi Machi, 867,850 na 453,650. Zijumlishe. Zikitimia, vitabu vyenu na taarifa yake vyote viko sawa. Zisipotimia, tafuta kwanza awamu ambayo yote 5,000,000 imeandikwa kwenye deni bila kutoa riba.