Fedha zilizowaendea wadai na wenye hisa: kuzipata kutoka mizania mbili

*"Nina mizania ya mwisho wa 2022, ya mwisho wa 2023 na taarifa ya mapato ya 2023 za kiwanda cha kamba za mkonge. Natakiwa nioneshe wadai wamepata fedha kiasi gani na wenye hisa kiasi gani, lakini gawio halikuandikwa popote. Nianzie wapi?"*

Ndugu yangu, anzia kwenye faida limbikizi, kwa sababu gawio limejificha humo. Mimi hutunza vitabu vya viwanda vya mkonge hapa Tanga, na mara nyingi taarifa za kampuni ndogo hunifikia zikiwa na pengo hilohilo. Nitatumia tarakimu za mfano, zote kwa mamilioni ya shilingi.

Tuseme mauzo ya singa na kamba mwaka 2023 yalikuwa 1,200, gharama za uzalishaji 720 na uchakavu wa mitambo, zikiwemo korona za kuchakatia mkonge, 90. Faida kabla ya riba na kodi ni 390. Ukitoa riba ya 60 inabaki 330, na kodi ya asilimia 30 ni 99, hivyo faida halisi ni 231. Kwenye mizania, faida limbikizi ilipanda kutoka 240 hadi 360, yaani 120 tu. Faida ilikuwa 231 na iliyobaki ndani ya kampuni ni 120, kwa hiyo 111 zilitoka kama gawio. Mtaji wa hisa nao uliongezeka kutoka 400 hadi 410, maana yake wenye hisa walirudisha 10. Walichopata kwa jumla ni 111 kutoa 10, yaani 101.

Wadai tunaowazungumzia hapa ni waliokopesha kwa riba, si muuza dizeli anayesubiri malipo ya mwezi. Huyo yumo katika madeni ya muda mfupi. Mkopo wa muda mrefu ulipanda kutoka 500 hadi 530. Kampuni ililipa riba 60 lakini ikapokea mkopo mpya wa 30, kwa hiyo wadai waliondoka na 30. Jumla ya makundi haya mawili ni 131.

Sasa jumla hiyo lazima itokee pia upande wa mali, ukiihesabu kwa njia nyingine kabisa. Chukua faida kabla ya riba na kodi, 390, rudisha uchakavu wa 90 ambao haukutoa shilingi mfukoni, kisha toa kodi ya 99. Shughuli zenyewe zimeleta 381. Mali za kudumu baada ya uchakavu zilikuwa 900, zikawa 1,010. Ongezeko ni 110, lakini mali hizo zilikwisha kupunguzwa kwa uchakavu wa 90 ndani ya mwaka, kwa hiyo zilizotumika kununulia mitambo ni 200. Mali za muda mfupi zilitoka 420 hadi 500, na madeni ya muda mfupi kutoka 180 hadi 210, hivyo mtaji wa uendeshaji ulikua kutoka 240 hadi 290 na kumeza 50. Toa 200 na 50 kutoka 381, unabaki na 131. Pande mbili zikipishana, tazama ukubwa wa tofauti: ikiwa ni 90 kamili, kuna mahali uchakavu umesahauliwa.

Hata hivyo, kulingana kwa pande mbili hakuthibitishi kwamba mgawanyo ni sahihi, na hili ndilo ningependa ulishike zaidi. Katika kampuni moja niliyoifanyia hesabu, sehemu ya mkopo wa benki iliyotakiwa kulipwa ndani ya miezi 12 ilihamishiwa kwenye madeni ya muda mfupi, kama kanuni za uhasibu zinavyotaka, na wakurugenzi wakasoma kwamba benki imekwisha kulipwa fungu lile. Kwa mfano wetu, ukihamisha 40, mkopo wa muda mrefu unasomeka 490, wadai wanaonekana kupata 70 badala ya 30, mtaji wa uendeshaji unaonekana kukua kwa 10 tu, na jumla inakuwa 171 pande zote mbili. Hesabu inafunga vizuri kabisa, wakati hakuna hata senti iliyokwenda benki zaidi ya riba. Kwa sababu hiyo, kabla ya kukokotoa chochote, fungua maelezo ya mikopo yanayoambatana na mizania, kisha kwa miaka yote miwili rudisha kwenye mkopo kila deni lenye riba lililowekwa kwenye muda mfupi.

Ardhi au majengo yaliyothaminiwa upya nayo huleta shida ya aina hiyo: mali hupanda, akiba ya uthamini upande wa mtaji hupanda sawasawa, na ukiihesabu akiba hiyo kama hisa mpya utaandika kwamba wenye hisa wameleta fedha ambazo hawakuzitoa. Iondoe pande zote mbili kwanza, ndipo uanze kutoa na kujumlisha.